Dashibodi Inasasishwa, Mstari wa Chanzo Umelala

Asante, mwenyekiti. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, na wawili watatu nimewaona wakitafuta viti vya karibu na mlango. Kaeni tu. Leo siji kuwaambia kwamba chanzo hutajwa. Hilo mmeshaambiwa hadi mmechoka. Nazungumzia dashibodi inayovuta data mpya kila usiku, huku mstari wa chanzo pale chini uliandikwa kwa mkono siku ya uzinduzi na hakuna aliyeugusa tena.

Nachukua faili ambalo wengi humu mliwahi kulitumia enzi za korona, `owid-covid-data.csv` la Our World in Data. Ndani yake kulikuwa na safu iitwayo `total_cases`. Mwanzoni namba za safu hiyo zilitoka ECDC, kituo cha Umoja wa Ulaya cha kudhibiti magonjwa. Tarehe 30 Novemba 2020 Our World in Data wakahamia namba za Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa sababu ECDC walikuwa wanaachana na takwimu za kila siku na kwenda za kila wiki. Machi 2023 Johns Hopkins nao wakaacha kukusanya, na safu ileile ikaanza kulishwa na WHO. Vyanzo 3, faili lilelile, safu ileile. Programu yako haikulalamika hata mara moja, maana kwake jina la safu halikubadilika. Grafu iliendelea kuchorwa vizuri kabisa, na chini yake imeandikwa "Chanzo: ECDC". Unamshukuru mtu kwa kazi aliyoiacha zamani, na anayeifanya humtaji.

Hapa huwa kuna mtu ananyoosha mkono: "Mimi niliandika Our World in Data, si inatosha?" Haitoshi, na wenyewe wamesema haitoshi. Kazi yao wameitoa kwa leseni ya CC BY, ile inayokuruhusu kutumia mradi umtaje mwenye kazi, lakini data waliyoichukua kwa wengine wamesema wazi inabaki chini ya masharti ya mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo unataja wawili: aliyekusanya na aliyekupitishia.

Na leseni nayo haikutulia. Mapema mwaka 2020, maelezo ya hazina ya Johns Hopkins kule GitHub yalisema haki zote zimehifadhiwa, data ni ya elimu na utafiti wa kitaaluma, na matumizi ya kibiashara ni marufuku. Baadaye wakaiweka chini ya CC BY 4.0. Anwani haikubadilika. Sasa fikirieni kampuni mbili, moja ilisoma masharti mwanzoni ikaogopa, nyingine ikasoma baadaye ikatumia. Zote ziko sahihi! Asiye sahihi ni yule ambaye hakusoma kabisa, na huyo ndiye ninayekutana naye kila wiki.

CC BY 4.0 inadai nini hasa? Jina la mwenye kazi kama anavyotaka aitwe, tangazo la haki zake kama ameliweka, kiungo cha kazi yenyewe, kutaja leseni na kuiunganisha, kanusho lake la dhamana kama lipo, na kusema kama umebadilisha kitu. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Ukichora wastani wa siku 7, umebadilisha. Ukigawa kwa idadi ya watu, umebadilisha. Mstari wa grafu hiyo, enzi za Johns Hopkins, ungekuwa hivi, majina ya chanzo na leseni yakiwa viungo: "Visa: COVID-19 Data Repository, CSSE, Johns Hopkins University, kupitia Our World in Data, CC BY 4.0. Wastani wa siku 7 tumeukokotoa sisi." Maneno machache, yanaenea hata kwenye simu.

Kuna kitu kingine mstari huo haujasema: data inaishia lini. Hapa nitakaa kidogo, mwenyekiti anivumilie. Mnaikumbuka 509? Ndiyo, mnaikumbuka. Tanzania ilikoma kutoa takwimu za visa mwezi Mei 2020, na namba hiyo ikakaa kwenye dashibodi za dunia nzima zaidi ya mwaka mmoja. Na juu ya kurasa hizo kuliandikwa nini? "Imesasishwa leo." Kweli, programu ilikimbia leo. Lakini msomaji alielewa kwamba hadi leo visa ni 509, na chanzo kilichotajwa pembeni kikaonekana ndicho kinachosema hivyo. Umeweka maneno mdomoni mwa chanzo. Tarehe ni 2: siku ulipoichukua data, na siku ya mwisho ambayo data yenyewe inaizungumzia. Benki ya Dunia, kwa mfano, wanakupa `lastupdated` ndani ya jibu la API yao. Hiyo nayo ni tarehe ya wao kusasisha hifadhidata, haikuambii kwamba kipimo ni cha mwaka huu. Mwaka wa kipimo uusome kwenye safu ya data.

Najua mwanasheria yupo humu, anataka kuniambia namba ni ukweli tu na ukweli hauna hakimiliki. Kwa nchi nyingi ni sawa, namba moja moja haina mwenyewe. Lakini Ulaya wana haki ya hifadhidata tangu agizo lao la mwaka 1996, na mkusanyiko wenyewe unaweza kulindwa. Sitaki mradi wangu uwe ndio wa kujaribia hoja hiyo mahakamani. Isitoshe, CC BY 4.0 ina huruma: ukikiuka, ruhusa inakatika yenyewe, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua, inarudi. Ila lazima kwanza ugundue.

Utagunduaje? Usiandike chanzo kwenye ukurasa. Kiweke kwenye jedwali linalosafiri na data, na ukurasa usome humo:

```
safu,mkusanyaji,kupitia,leseni,data_hadi,ilichukuliwa,mabadiliko
```

Kila safu ya data ina mstari wake. Halafu kila usiku pakua pia faili la leseni na la maelezo ya chanzo, ulinganishe na yale uliyoyasoma na kuyakubali, ambayo alama zake umezihifadhi kwenye `leseni.sha256`:

```
sha256sum -c leseni.sha256 && python chapisha.py
```

Hata koma ikibadilika, uchapishaji unasimama mpaka mtu asome. Itakusumbua kwa koma za bure, ndiyo. Vumilia.

Naona naonyeshwa saa. OpenStreetMap basi, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, haraka. Leseni yao ni ODbL tangu Septemba 2012. Ukionyesha ramani ya zahanati, andika "© OpenStreetMap contributors" na kiungo cha `openstreetmap.org/copyright`, panapoonekana kwenye ramani yenyewe, si kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi". Lakini ukichukua orodha yao ya zahanati, ukairekebisha na kuichanganya na yako, kisha ukachora ramani ya umma kutokana nayo, hifadhidata hiyo iliyorekebishwa nayo inabanwa na ODbL, na anayeiomba lazima aweze kuipata. Picha ya ramani ni yako. Wanaoorodhesha zahanati zao binafsi, amueni mapema kama mtaziweka kwenye jedwali tofauti.

Nilikuwa na mengine, nayaacha. Moja tu, kwa sababu nimeliona kwenye mabango ya leo pale nje: mipaka ya nchi na mikoa kutoka hifadhidata ya GADM. Ni bure kuipakua kwa utafiti na matumizi yasiyo ya biashara, lakini kuisambaza upya bila ruhusa wamekataza. Dashibodi yenye kitufe cha "Pakua mipaka" inaisambaza. Mwenye bango hilo anione wakati wa chai. GeoBoundaries ina mipaka chini ya CC BY 4.0, tutabadilisha pamoja.