Hiyo "Ilikuwa" Iko Wapi Kwenye Risiti?

Ndugu wafanyabiashara, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili la matangazo ya punguzo lisilokuwepo, na nitalirudia maadamu bado nakutana nalo kila nikifungua simu. Nimeandika tangazo la mfano, tulikague pamoja kabla halijapostiwa:

"Blenda bora kuliko zote Tanzania! Ilikuwa 120,000, sasa 72,000 tu, punguzo la asilimia 40! Jagi la ziada bure! Lipia usafiri 10,000. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Tuanze na neno "ilikuwa". Ilikuwa lini? Nani aliinunua kwa 120,000? Chukua risiti zako za EFD za siku 30 kabla ya ofa, tafuta blenda hiyo hiyo, andika bei ya chini kabisa aliyolipa mteja. Tuseme mwezi mzima imeuzwa 75,000, na ile 120,000 ilibandikwa siku mbili tu kabla ya Sabasaba. Basi umepunguza 3,000 kutoka 75,000. Hiyo ni asilimia 4, na wewe umewaandikia watu 40!

Hizo siku 30 nimeziazima Ulaya. Tangu Mei 2022, katika nchi za Umoja wa Ulaya, anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Duka la Aldi Süd la Ujerumani lilitangaza ndizi kwa euro 1.29, likachora mstari juu ya 1.69, likaandika punguzo la asilimia 23. Pembeni, kwa maandishi madogo, likataja kwamba bei ya chini ya siku 30 ilikuwa 1.29. Ile ile! Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kutaja hakutoshi. Asilimia yenyewe ihesabiwe kutoka kwenye bei hiyo. Sasa hesabu wewe: 1.29 toa 1.29.

Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Mimi nawashauri mtumie kipimo cha siku 30 kwa sababu kinahesabika, na siku Tume ya Ushindani, FCC, wakikuita una karatasi ya kuweka mezani.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, hii ni Kariakoo, bei ni maelewano." Ndiyo, na ndiyo maana nimesema risiti, sikusema kibandiko. Ile bei unayoanzia ili mteja akushushe si bei ya zamani, hakuna aliyeilipa. Kama wateja kumi wamemalizana na wewe kati ya 75,000 na 80,000, pa kuanzia hesabu ni 75,000. Mwingine anasema, "Mteja hajalazimishwa." Hajalazimishwa, lakini ameharakishwa. Ameacha kuuliza duka la pili kwa sababu ameamini anaokoa 48,000. Pesa ya mtu imetoka kwa jambo ambalo halikuwepo, na hilo siwezi kulinyamazia.

Twende kwenye "bure". Muulize kijana wa dukani: mteja asipotaka jagi, blenda anaipata kwa ngapi? Akijibu 64,000, jagi linauzwa 8,000, futa "bure". Kisha usafiri. Bodaboda anakudai 5,000 kufika Mbagala, wewe unatoza 10,000. Hiyo 5,000 iliyobaki ndiyo inayolipia jagi. Kanuni za matangazo za ICC, ile Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara, zinazofuatwa nchi nyingi, zinaruhusu zawadi ya bure iambatane na gharama ya kuifikisha, mradi isizidi gharama halisi. Na "vigezo na masharti kuzingatiwa" haiwezi kugeuza kilicholipiwa kikawa bure. Kama kuna sharti, mathalani mpaka mzigo uishe, litaje hapo hapo kwenye ofa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo "bora kuliko zote" naipitia mbio. Ukisema "juisi yake utaipenda", hayo ni mapambo. Ukisema "inauzwa kuliko zote" au "bei rahisi kuliko zote Kariakoo", umedai kitu kinachopimika, na ushahidi uwe mkononi kabla ya kuposti, ukiwa na tarehe. Wanaoagiza Guangzhou wajue kwamba sheria ya matangazo ya China, ilivyorekebishwa 2015, inakataza maneno ya aina ya "bora kabisa" na faini yake inaanzia yuan 200,000.

"Punguzo hadi asilimia 50" tutalichambua siku nyingine. Tangazo letu sasa linasomeka hivi: "Blenda pamoja na jagi la ziada, 72,000. Mwezi uliopita blenda peke yake tuliiuza 75,000. Usafiri Mbagala 5,000. Ofa ni mpaka mzigo uishe." Karibuni maswali.