Jengo la ofisi linahitaji lifti ngapi? Tupige hesabu ya msongamano wa asubuhi

Karibuni. Chukueni kalamu na kikokotoo, leo tunapiga hesabu moja mpaka mwisho. Jengo letu lina ghorofa 14 za ofisi juu ya ukumbi wa kuingilia, na kila ghorofa ina watu 60. Jumla ni watu 840. Hesabu watu wanaofika kazini kweli, usihesabu viti, maana kila siku wapo walio likizo au safarini.

Kwanza tuweke malengo. Asubuhi, wakati karibu kila mtu anapanda, tunataka lifti zibebe asilimia 12 ya watu wote ndani ya dakika 5. Hao ni watu 101 hivi. Tunataka pia lifti moja ikiondoka ukumbini, nyingine iondoke ndani ya sekunde 30. Malengo haya mawili yanakwenda pamoja, na baadaye utaona kwa nini nasisitiza.

Sasa tuchague lifti ya kilo 1000. Kibao chake kinasema watu 13, lakini asubuhi watu hawabanani kiasi hicho, kwa hiyo tunachukua asilimia 80 na kupata watu 10. Hao 10 watashuka wapi? Wengine watashuka ghorofa moja, kwa hiyo vituo havifiki 10. Tazama kwenye skrini, N ni idadi ya ghorofa, P ni watu ndani ya lifti, na S ni vituo:

```
S = N × (1 − (1 − 1/N)^P)
S = 14 × (1 − (13/14)^10) = 7.3
```

Kwa wastani lifti itasimama mara 7.3 ikipanda. Ghorofa ya juu kabisa itakayofikia, tunayoiita H, kwa wastani ni ya 13.2, kwa jengo kama hili ukiweka 13 hukosei sana.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi: muda wa mzunguko, yaani tangu milango ifunguke ukumbini hadi lifti irudi pale pale.

```
RTT = 2·H·tv + (S + 1)·ts + 2·P·tp
```

Ghorofa ina kimo cha mita 3.5 na mwendo ni mita 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo `tv`, muda wa kupita ghorofa moja kwa mwendo kamili, ni sekunde 1.4. `ts` ni muda unaopotea kila kituo. Milango hufunguka kwa sekunde 2 na kufunga kwa 3, na safari ya ghorofa moja toka kusimama hadi kusimama ni sekunde 5. Jumla 10, toa 1.4, inabaki 8.6. `tp` ni sekunde 1.2 kwa kila mtu kuingia, na hivyo hivyo kutoka.

Safari inakula sekunde 37, vituo sekunde 72, kuingia na kutoka kwa watu sekunde 24. Jumla ni kama sekunde 132. Angalia hapo: zaidi ya nusu ya muda imekwenda kwenye vituo! Ndiyo maana mteja akidai lifti ya kasi zaidi, mimi humuuliza kwanza habari za milango. Ukipandisha mwendo hadi mita 4 kwa sekunde unaokoa sekunde 9 hivi. Ukipunguza sekunde moja tu ya milango katika kila kituo, unaokoa 8, na kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa idadi. Gawanya 132 kwa lifti 4: moja inaondoka kila sekunde 33. Ndani ya sekunde 300 zinabeba watu 91, sawa na asilimia 10.8. Hazitoshi kwa lengo lolote. Lifti 5 zinatoa sekunde 26.5 na watu 113, asilimia 13.5. Hapo tumefika.

Lakini shimo la lifti ya tano linakula nafasi ya kupangisha katika kila ghorofa, na mtu atauliza: kwa nini tusiweke 4 kubwa za kilo 1600? Tupige. Zinabeba watu 16 kila safari, vituo vinapanda hadi 9.7, mzunguko unakuwa sekunde 169. Uwezo ni watu 114, asilimia 13.6, unapita lengo vizuri. Ila muda kati ya lifti na lifti umefika sekunde 42. Ukisoma safu ya uwezo peke yake ungepitisha mchoro huo, na asubuhi ukumbi ungejaa watu wanaotazama namba juu ya mlango, kisha wakishaingia wasimame karibu kila ghorofa.

Hesabu hii ni ya asubuhi tu. Saa ya chakula cha mchana watu hupanda na kushuka kwa pamoja, na fomula yetu haijui hilo. Lifti 5 zikishapita hapa, zipeleke kwenye programu ya uigaji uzijaribu kwa mchanganyiko huo kabla ya kuchora mashimo.