Dola 200 na levereji ya 1:500

SEFU: Karibu msikilizaji, tuko hapa Tanga mimi na dada Mwanaidi. Kijana mmoja wa Ngamiani anauliza: ana dola 200 za kufanyia biashara ya sarafu, broka anampa levereji ya 1:500, yaani kwa dola moja yake anaweza kushika ya dola 500 sokoni. Je, akaunti itaungua haraka kuliko ya 1:100?

MWANAIDI: Kinachoiunguza ni ukubwa wa loti, yaani kiasi anachonunua, kaka Sefu. Tuchukue yuro kwa dola, bei ikiwa 1.1000. Akinunua loti 0.1, ameshika yuro 10,000, sawa na dola 11,000. Kwa 1:100, broka anazuia dola 110 kama dhamana. Hiyo si ada, ni pesa yake iliyoshikwa mpaka oda ifungwe. Na kila pipsi moja, yaani bei ikisogea 0.0001, ni dola moja.

SEFU: Bei ikipanda pipsi 50?

MWANAIDI: Amepata dola 50, robo ya akaunti, wakati bei yenyewe haijasogea hata nusu ya asilimia. Ikishuka hivyo, robo imeondoka.

SEFU: Sasa mpe 1:500.

MWANAIDI: Kwa loti ileile dhamana inakuwa dola 22, lakini pipsi inabaki dola moja. Hapo wengi wanachanganya. Hatari ni kwamba Free Margin, yaani pesa ambayo haijashikwa, inamwonyesha dola 178, naye anashawishika kufungua loti 0.5. Dhamana inarudi dola 110, ila sasa kila pipsi ni dola tano.

SEFU: Atavumilia pipsi ngapi?

MWANAIDI: Atazame Margin Level: salio, ukijumlisha faida au kutoa hasara ya oda zilizo wazi, ugawe kwa dhamana, uzidishe kwa mia. Tuseme broka wake hufunga oda ikifika asilimia 50, yaani akibakiwa na dola 55. Amepoteza 145. Kwa loti 0.1 ya 1:100 hizo ni pipsi 145. Kwa loti 0.5 ya 1:500 ni 29 tu.

SEFU: Yuro inatembea 29 kabla ya adhuhuri!

MWANAIDI: Na jioni inaweza kupanda 80. Alisoma soko sawasawa, lakini oda ilishafungwa. Inaniuma sana nikiona vijana wakipoteza mtaji namna hiyo.

SEFU: Basi apangeje loti?

MWANAIDI: Aanzie kwenye hasara. Akikubali kupoteza dola 4 na kuweka kikomo, yaani oda ijifunge hasara ikifika pipsi 40, kila pipsi iwe senti 10. Hiyo ni loti 0.01.

SEFU: Na kikomo kinashika siku zote?

MWANAIDI: Hapana. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda yuro isishuke chini ya faranga 1.20. Bei iliporomoka ikiruka vikomo, kwa sababu katikati hapakuwa na wanunuzi. Wateja wengine walijikuta wanadaiwa na broka. Kwa hiyo kabla hajaweka hata dola moja, asome mkataba kama broka anamkinga na salio hasi.