Kidonge cha Alfajiri ya Mbio

Mhadhara kwa wakimbiaji wa klabu za mbio, Raskazone, Tanga

Assalaam alaikum, na shikamoni wazee wetu mliokaa mbele. Nashukuru mmekuja, nikijua wengi wenu mmetoka kukimbia asubuhi hii njia ya Pongwe na miguu inataka kulala.

Naanza na mgonjwa. Jina lake silisemi, naye ameniruhusu nieleze yaliyompata. Ni kijana wa miaka 31, mzima, hana sukari wala presha. Alijiandaa kwa kilomita 42 zake za kwanza miezi minne. Usiku wa kuamkia mbio goti lilimuuma, akameza diklofenaki ya miligramu 50. Saa kumi na moja alfajiri akameza brufeni ya 400, "ya kinga" kama wanavyosema vijana. Kilomita ya 25 mapaja yakakaza, akameza 400 nyingine aliyoifunga kwenye kitambaa. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na mnaijua hali ya hapa kaskazi ikivuma: jasho linatiririka wala halikauki mwilini. Alimaliza kwa saa nne na dakika hamsini, akavishwa medali.

Hakukojoa mpaka magharibi. Alipokojoa ulitoka kidogo, rangi ya soda nyeusi. Akasema ni uchovu. Usiku mapaja yakamuuma zaidi, akameza diklofenaki nyingine. Siku ya tatu aliletwa anatapika, kope zimevimba. Tukapima kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu. Mwanaume wa umbo lake huwa na mikromoli 60 hadi 110 hivi kwa lita. Yeye alikuwa na 412.

Nataka mwelewe kwa nini vidonge vilevile, angevimeza Jumanne akiwa amekaa ofisini, pengine visingemfanya lolote.

Ukiwa umetulia, figo zako mbili hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika. Ukikimbia kwa nguvu, mwili unaipeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi ili upoe, na fungu la figo linaweza kushuka hata chini ya nusu. Jasho likiwa jingi na maji machache, linashuka zaidi. Kila kichujio cha figo kina mshipa mdogo unaoingiza damu. Wakati huo wa shida figo hujitengenezea kemikali iitwayo prostaglandini, inayoushika mshipa huo ubaki wazi. Ofisini Jumanne kemikali hiyo haina kazi kubwa. Kilomita ya 30, chini ya jua, ndiyo inayoushikilia mlango.

Brufeni, diklofenaki, naproksini, meloksikamu na aspirini zote hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini isitengenezwe. Jambo hili lilifumbuliwa na John Vane mwaka 1971, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Kidonge hakijui goti lako liko wapi. Kinazuia kemikali ya maumivu gotini, na kinazuia ile iliyoshika mlango wa figo. Mshipa unasinyaa, kichujio kinakosa damu.

Kijana wetu alikuwa na la pili juu ya hilo. Misuli iliyochanika humwaga rangi yake kwenye damu, na rangi hiyo huziumiza figo zenye damu kidogo. Ndiyo soda nyeusi aliyoiona. Kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu nyingi, lakini kwenye hadubini hatukuona chembe nyekundu. Hapo tukajua inatoka kwenye misuli. Tulisimamisha vidonge, tukampa dripu kwa kupima kila mililita inayoingia na inayotoka, tukaangalia potasiamu mara kwa mara kwa sababu ikipanda inausimamisha moyo. Hakuhitaji mashine ya kusafisha damu. Baada ya wiki tatu kreatinini ilirudi 96. Wengi hurudi hivyo. Wapo wasiorudi, na siwezi kukwambia mapema wewe utakuwa wa kundi gani.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 wa wakimbiaji 89 wa mbio za jangwani, siku ya kilomita 80. Nusu walipewa brufeni ya 400 kila saa nne, nusu kidonge kitupu, bila kujua nani kapewa kipi. Figo zilionyesha kuumia kwa 52 katika kila 100 wa brufeni, na 34 wa kidonge kitupu. Watu hao ni wachache, kwa hiyo msizishike namba kama za mwisho, lakini mwelekeo wake unafanana na tunayoyaona wodini. Na kwenye mbio za maili 100 za Western States kule Marekani, waliotumia brufeni hawakuonekana kuumwa misuli pungufu ya wasiotumia. Hilo linanisikitisha kuliko yote: mtu anahatarisha figo kwa nafuu ambayo pengine haipati.

Dada mmoja hapa amenyanyua mkono. Anauliza: "Daktari, nikinywa maji mengi je, si nitakuwa salama?"

Hapana, dada yangu, na swali lako ni zuri mno. Prostaglandini pia huisaidia figo kuyatoa maji yaliyozidi. Ukiizuia halafu ukanywa kwenye kila meza ya maji unayoipita, maji yanabaki mwilini na chumvi ya damu inazimuliwa. Pete inabana kidoleni, kichwa kinagonga, mtu anaanza kuropoka. Huyo usimmiminie maji zaidi. Apelekwe hospitali upesi.

Sasa tumbo. Ukikimbia kwa nguvu, damu ya tumbo na utumbo inaweza kupungua kwa asilimia 80 hivi. Ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi nao hutegemea prostaglandini. Kwa hiyo kidonge cha alfajiri kinauondoa ute saa ileile ukuta umekosa damu. Kumeza baada ya chakula hakuondoi hatari hii, maana dawa hufanya kazi ikishaingia kwenye damu. Sindano na kidonge cha njia ya haja kubwa ni vilevile. Omeprazoli inalinda tumbo. Figo hailindi, wala utumbo wa chini. Dalili ya kuogopa ni kutapika kitu kama mashapo ya kahawa, au choo cheusi kama lami, kinachonata, chenye harufu kali. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma hupata choo cheusi pia, lakini hakinati hivyo.

Ninavyowaambia wagonjwa wangu: usimeze siku ya mbio, wala usiku wa kuamkia mbio. Naproksini na meloksikamu hukaa mwilini muda mrefu kuliko brufeni, ziache siku kadhaa kabla. Baada ya mbio subiri mpaka umekula, umekunywa, na umekojoa mkojo mwingi wa rangi nyepesi; mimi hupenda mtu alale kwanza. Panadoli haifungi mlango wa figo kwa namna hii, lakini jumla isizidi gramu 4 kwa siku. Soma paketi, kwa sababu kuna vidonge vinavyouzwa kama panadoli kali kumbe vina diklofenaki ndani.

Wazee mnaotumia dawa za presha kama losartani au enalapri, na hasa mkiongezewa dawa ya kukojoza, kwenu mlango wa figo tayari umelegezwa upande mwingine. Brufeni juu yake, siku ya jua, ndiyo niliyoiona ikiwaleta watu wodini hata bila kukimbia.

Na ukifika hospitali baada ya mbio, njoo na paketi ulizotumia, hata zikiwa tupu. Yule kijana tulimuuliza mara mbili kama ametumia dawa akasema hapana. Brufeni kwake haikuwa dawa. Mama yake ndiye aliyetoa paketi kwenye mkoba.