Uchumi Ulikua kwa Asilimia Ngapi? Jinsi ya Kuondoa Mfumuko wa Bei katika Ripoti

Hamjambo nyote. Wale mliokaa nyuma nawaomba msogee mbele, maana kipaza sauti hiki kimeanza kukohoa tangu asubuhi.

Nianze na mahamri. Chukua mama anayekaanga mahamri hapa Mombasa. Mwaka wa kwanza aliuza mahamri 10,000 kwa shilingi 10 kila moja, akapata 100,000. Mwaka wa pili unga na mafuta vilipanda, naye akapandisha bei hadi shilingi 12. Wateja wengine wakapungua, akauza 9,500, na mkononi akapata 114,000. Daftari lake linasema biashara imekua kwa asilimia 14, lakini karai linasema imepungua kwa asilimia 5. Vyote viwili ni kweli, kwa sababu daftari lilihesabu pesa na karai likahesabu mahamri.

Ripoti ya uchumi nayo ina daftari na karai. Pato la Taifa kwa bei za sasa, au kama wenzetu wa Tanzania wanavyoandika, kwa bei za mwaka husika, ni daftari. Pato la Taifa kwa bei za mwaka wa kizio ni karai: bei zinashikiliwa pale zilipokuwa mwaka fulani, ili kinachobadilika kibaki wingi wa vitu na huduma tu. Kenya sasa inatumia bei za 2016, Tanzania bei za 2015. Ukisikia waziri anasema uchumi umekua kwa asilimia 5, anazungumzia karai. Ukisikia kwamba uchumi sasa umefika trilioni kadhaa, hilo ni daftari. Shida huanza mtu anapovichanganya ndani ya sentensi moja.

Leo nataka tukague mwaka mmoja tu, 2023 nchini Kenya, kwa sababu una mitego karibu yote. Ripoti ya kila mwaka ya shirika la takwimu, KNBS, iliyotoka 2024 ilisema Pato la Taifa kwa bei za sasa lilipanda kutoka shilingi trilioni 13.5 mwaka 2022 hadi trilioni 15.1 mwaka 2023. Gawanya, utaona ni yapata asilimia 12. Ripoti hiyohiyo ikasema ukuaji halisi ulikuwa asilimia 5.6. Na mfumuko wa bei kwa wastani wa mwaka ulikuwa asilimia 7.7.

Sasa toeni kalamu. Wengi wetu tumezoea kutoa: 12 kutoa 7.7 ni 4.3. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka bila mtu kunikemea. Lakini bei haziongezwi juu ya wingi, huzidishwa. Yule mama mapato yake ni idadi mara bei, kwa hiyo kuiondoa bei ni kugawanya. Unachukua 1.12, unagawanya kwa 1.077, unapata 1.04, yaani asilimia 4. Kosa la kutoa hapa ni dogo, pointi 0.3, ndiyo maana linasameheka. Mfumuko ukiwa mkubwa halisameheki tena. Nchi ambayo pato lake la daftari limepanda kwa asilimia 150 na bei zimepanda kwa asilimia 100, anayetoa atasema uchumi umekua kwa 50. Anayegawanya, 2.5 kwa 2, atasema 25.

Haya, tumepata 4, na ripoti inasema 5.6. Hapo ndipo simu huanza kulia: "Serikali imepika takwimu!" Kabla hujaandika hivyo, subiri kidogo. Tumegawanya kwa kipimo ambacho si chake.

Ile 7.7 inatoka kwenye fahirisi ya bei za mlaji. Watu wa takwimu wanakwenda sokoni na madukani kila mwezi, wanapima kapu la vitu ambavyo kaya hununua: unga, sukari, nauli, kodi ya nyumba, mafuta ya taa, umeme. Lakini Pato la Taifa halipimi kapu hilo. Linapima vilivyozalishwa ndani ya nchi. Ndani yake kuna chai inayopelekwa nje ambayo sisi hatuinywi, kuna barabara inayojengwa, kuna mishahara ya walimu. Na muhimu zaidi, vilivyoagizwa kutoka nje havimo.

Fikiria petroli. Kenya haichimbi petroli ya kuuza kwenye vituo. Yote inaingia kupitia bandari yetu hii. Mwaka 2023 shilingi ilishuka sana: Januari dola moja ilikuwa kama shilingi 123, mwisho wa mwaka ikakaribia 157. Mwezi wa Julai kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 200. Kwenye kapu la mlaji hayo yote yaliingia moja kwa moja. Kwenye Pato la Taifa, bei ya mafuta yaliyoagizwa huingia mara mbili: huongezwa upande wa matumizi ya wananchi, kisha hutolewa upande wa uagizaji, kwa hiyo hufutana. Kinachobaki ni ile kodi, na faida ya msambazaji wa humu ndani.

Kwa hiyo Pato la Taifa lina fahirisi yake ya bei, ambayo wenyewe huiita difleta. Mara nyingi hutahitaji kuitafuta, unaweza kuichimbua kutoka kwa namba ulizo nazo. Chukua ukuaji wa daftari, ugawanye kwa ukuaji wa karai: 1.12 kwa 1.056. Unapata 1.06. Maana yake bei za vitu vilivyozalishwa nchini zilipanda kwa asilimia 6 hivi, huku bei anazolipa mlaji zikipanda kwa 7.7. Katika mwaka ambao sarafu imeanguka na mafuta ya nje yamepaa, tofauti ya namna hiyo, tena ya upande huo, ndiyo unayoitarajia. Hapo simu ile unaweza kuikata.

Ningeshtuka ningepata nini? Kama difleta ingetoka asilimia 1 wakati kapu la mlaji liko karibu 8, ningeketi na ripoti mpaka usiku. Bei za ndani kuwa chini kiasi hicho kunawezekana, hasa kama bei ya bidhaa kubwa ya nje imeporomoka. Nchi inayouza mafuta ghafi huona hivyo mara kwa mara. Lakini lazima kuwe na sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Pasipokuwa nayo, huenda mtu amepima bei chini ya uhalisia, na ukipima bei chini, karai linaonekana limejaa.

Niseme jambo moja hapa lisije likaeleweka vibaya. Shirika la takwimu halipati 5.6 kwa kugawanya mara moja kama tulivyofanya. Wanakwenda sekta kwa sekta: tani za chai, lita za maziwa zilizofika viwandani, tani za saruji, na kila sekta ina bei zake. Kilimo peke yake mwaka huo kilikua kwa asilimia 6.5 baada ya kushuka mwaka 2022 wa ukame. Mvua zilirudi, basi. Mgawanyo wetu ni wa kukagua, hauzalishi takwimu mpya.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao nauona kila mwaka. Mwandishi anatafuta mfumuko wa bei wa 2023, anakutana na asilimia 6.6, anaichukua. Hiyo ni ya Desemba: inalinganisha Desemba 2023 na Desemba 2022. Pato la Taifa ni la miezi 12 yote, kwa hiyo hata pale unapotumia bei za mlaji, chukua wastani wa mwaka. Ukigawanya 1.12 kwa 1.066 utapata ukuaji wa asilimia 5.1. Angalieni basi: mwaka mmoja, daftari moja, nasi tayari tuna 4, 4.3, 5.1 na 5.6, na kila moja inaweza kuandikwa na mtu mwaminifu kabisa.

Na ya mwisho iko kwenye rafu ya vitabu. Takwimu za mwaka hurekebishwa. Ripoti iliyotoka 2023 ilisema pato la 2022 lilikuwa trilioni 13.4 na ukuaji halisi asilimia 4.8. Iliyotoka mwaka uliofuata ikasema trilioni 13.5 na asilimia 4.9. Ukichukua 2022 kutoka kitabu cha zamani na 2023 kutoka kitabu kipya, ukuaji wa daftari unaruka kutoka 12 hadi karibu 13. Umeongeza pointi nzima bila mtu yeyote kukaanga hamri hata moja. Miaka yote miwili itoke kwenye jedwali moja.

Hali huwa mbaya zaidi mwaka wa kizio unapobadilishwa. Kenya ilipohamia bei za 2009, mwaka 2014, uchumi ulionekana mkubwa kwa robo hivi. Nigeria mwaka huohuo waliacha 1990 wakaenda 2010, na pato lao la 2013 likapanda kutoka naira trilioni 42 hadi 80. Hakuna aliyelima ekari ya ziada usiku ule. Walikuwa wameanza tu kuhesabu simu za mkononi, filamu na biashara nyingine ambazo mwaka 1990 hazikuwepo au zilikuwa ndogo. Ukiona mstari kwenye chati umeruka ghafla kama mbuzi juu ya ukuta, tafuta kwanza maandishi madogo chini ya jedwali yanayotaja mwaka wa kizio.

Dada pale ameinua mkono muda mrefu. Anauliza: "Sasa mwalimu, mshahara wangu ukiongezwa, nigawanye kwa ipi, difleta au ile ya mlaji?"

Ya mlaji, dada yangu. Wewe hununui barabara wala majani ya chai ya kupeleka Pakistan. Unanunua unga na unapanda matatu. Tuseme mwaka 2022 ulikuwa unalipwa 50,000 kwa mwezi, mwaka 2023 wakakuongeza asilimia 5, ukapata 52,500. Gawanya kwa 1.077. Inatoka 48,747 hivi, kwa bei za mwaka ule wa kwanza. Kwa hiyo katika mwaka ambao uchumi ulikua kweli kwa asilimia 5.6, wewe ulikatwa asilimia 2.5, na ile barua ya kukupongeza kwa nyongeza bado iko kwenye droo.