Dakika Ishirini za Mkurugenzi: Namna ya Kuomba Miadi kwa Katibu Wake

Ndugu viongozi na watendaji wa vyama vya ushirika, asanteni kwa kunipokea. Nimekaa miaka mingi kwenye meza iliyo mbele ya mlango wa mkurugenzi wa benki. Nilipoanza kazi niliitwa katibu muhtasi, baadaye nikawa katibu mahsusi, na siku hizi kwenye matangazo ya ajira serikalini mtaona kada hiyo ikiitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi. Majina yamebadilika, lakini meza ni ileile, na mtu anayesimama mbele yake bado husema maneno yaleyale: "Naomba kumwona bosi." Leo nitazungumzia ombi hilo tu, jinsi linavyoonekana kwa anayelipokea na sababu zinazofanya moja lipate nafasi na lingine libaki kwenye faili.

Jambo la kwanza ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba katibu hakupi nafasi kwa uwezo wake mwenyewe. Kila siku, kwa kawaida asubuhi kabla simu hazijaanza au jioni zikishatulia, mimi na mkurugenzi tulikuwa tukikaa na diari kwa dakika kumi hivi. Katika dakika hizo nilimsomea maombi yote ya miadi, pengine nane, pengine kumi na tano, na kila ombi lilipata sentensi moja au mbili kutoka kinywani mwangu. Mkurugenzi hakuiona barua yako. Alisikia sentensi yangu. Kwa hiyo kama barua yako ya kurasa mbili haikunipa sentensi hiyo ikiwa tayari, nililazimika kuitunga mwenyewe, na niliitunga vibaya kwa sababu sikuwa naijua kahawa yako wala korosho yako. Nilisema, "Kuna watu wa ushirika wanataka kuja kujitambulisha." Akajibu, "Wapeleke kwa meneja wa mikopo." Ombi likaishia hapo, na mwombaji alirudi nyumbani akiamini kwamba katibu amemzibia njia.

Nitawapa mfano mmoja niukumbukao vizuri. Ni wa AMCOS moja ya kahawa kutoka upande wa Mbinga, nami sitaitaja jina, wala benki yenyewe. Barua yao ya kwanza ilikuja mwezi Februari. Ilianza kwa salamu, ikaeleza historia ya chama tangu kuandikishwa, idadi ya wanachama, tuzo waliyopata wilayani, na mwishoni kabisa ikasema: "Hivyo tunaomba nafasi ya kuonana na Mkurugenzi kwa mazungumzo muhimu kuhusu maendeleo ya chama chetu. Sisi tuko tayari wakati wowote." Barua hiyo ilikuwa na adabu na ilikuwa imepigwa mhuri, lakini haikuwa na kitu ambacho ningeweza kukibeba na kuingia nacho mlangoni. "Mazungumzo muhimu" ni maneno yaliyoandikwa katika kila barua iliyowahi kufika mezani kwangu.

Nilimpigia simu katibu wa chama, kijana mmoja mpole, nikamuuliza maswali matatu. Mkiwaachia wenzenu nyumbani chochote kutokana na kikao hiki, waachieni maswali hayo. Nilimuuliza: unataka mkurugenzi aamue nini? Kwa nini aamue yeye, si mtu aliye chini yake? Na asipoamua, nini kitaharibika, na lini? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, nipe siku mbili nikuandikie upya."

Barua ya pili ilikuwa ya tarehe 10 Machi, na haikufika nusu ukurasa. Nitawasomea kiini chake kama ninavyokikumbuka:

"Tunaomba dakika 20 za Mkurugenzi ili atupe uamuzi kuhusu dhamana. Meneja wa tawi amekubali mchanganuo wetu wa mkopo wa kutengeneza mtambo wa kumenya kahawa, lakini dhamana tunayotoa ni mkataba wa mauzo badala ya hati ya nyumba, na meneja ametuambia kwa maandishi kwamba hana mamlaka ya kuipokea. Uchumaji unaanza Mei, na fundi anahitaji wiki tatu. Uamuzi ukipatikana baada ya katikati ya Aprili, mtambo hautakuwa tayari, na kahawa ya mwanzo wa msimu itamenywa majumbani na kuuzwa kwa bei ya chini."

Angalieni kilichofanyika hapo. Umuhimu haukutajwa kwa neno "muhimu" hata mara moja. Ulionekana kwa tarehe na kwa kahawa yenyewe, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mashamba anajua kwamba kahawa iliyoiva inapaswa kumenywa siku ileile iliyochumwa, na ikilala huanza kuchacha. Tena barua ilijibu lile swali la "kwa nini mimi?" kabla mkurugenzi hajaliuliza, na ikaambatanisha nakala ya barua ya meneja wa tawi. Kiambatisho hicho kilinifaa kuliko kitu kingine chochote. Bila hicho ningelazimika kumpigia meneja kuthibitisha, na hapo zingepita siku tatu.

Sasa nije kwenye lile neno "wakati wowote", ambalo waombaji hulitumia wakidhani ni unyenyekevu. Kwa mwenye diari, neno hilo ni mzigo. Linanilazimisha nibuni tarehe, nikupigie, ukose kupatikana, nibuni nyingine. Na nafasi katika diari ya mkurugenzi haisubiri. Zaidi ya hayo, mara nyingi si kweli. Nimewahi kumpigia mtu aliyeandika "wakati wowote" nikamwambia aje kesho saa 3 asubuhi, akaniambia yuko Ruvuma na basi linachukua siku nzima na zaidi. Kubadilika kwa kweli kuna mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayonisaidia. Nahitaji kujua siku unazoweza na usizoweza, taarifa unayohitaji ili kusafiri, na kitu gani uko radhi kukiacha endapo nafasi kamili haipo.

Kijana wetu wa Mbinga aliandika hivi: "Tunaweza kufika siku yoyote katika wiki mbili zinazoanzia tarehe 17 Machi, isipokuwa Ijumaa, tukipata taarifa siku mbili kabla kwa ajili ya safari. Tarehe 19 na 20 tutakuwa Dar es Salaam kwa shughuli nyingine. Siku hizo, nafasi ikipatikana ghafla, tunafika ofisini ndani ya saa moja. Tutakuwa wawili. Kama dakika 20 hazipatikani, 10 zinatosha, kwa kuwa maelezo yote yameandikwa kwenye ukurasa ulioambatishwa. Kama Mkurugenzi hatakuwepo, tutashukuru kuonana na yeyote mwenye mamlaka ya kuamua juu ya dhamana, au kuzungumza kwa simu."

Ile sentensi ya tarehe 19 na 20 nataka muiangalie zaidi, maana watu wachache wanaifikiria. Diari ya mkurugenzi huonekana imejaa, na kwa kweli imejaa, lakini karibu kila wiki kuna mgeni anayeahirisha asubuhi ileile, au kikao kinachokwisha mapema. Katibu anakuwa na dakika ishirini tupu mkononi na hana wa kumpa, kwa sababu waombaji wengine wote wako mbali au hawapokei simu. Mwombaji aliyeniambia kwamba siku fulani yuko mjini na atafika ndani ya saa moja, nilimwandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa siku hiyo. Wengi niliowapa nafasi katika majuma yaliyojaa walikuwa ni hao wa pembeni.

Ile ahadi ya kumkubali mtu mwingine nayo ilikuwa na kipimo: "yeyote mwenye mamlaka ya kuamua juu ya dhamana." Ukisema tu "hata msaidizi wake", utapelekwa kwa mtu atakayekusikiliza kwa heshima na kukuambia atalifikisha, nawe utakuwa umetumia nauli yako bure.

Kuna tatizo dogo la saa ambalo limeniaibisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mgeni mmoja aliniandikia kwamba atafika "saa 10". Alikuwa anasoma kwenye simu yake 10:00, yaani saa 4 asubuhi. Mimi nikaandika saa 10 jioni, kama Kiswahili kinavyosema. Alifika asubuhi, mkurugenzi akiwa kwenye kikao, akasubiri kwa saa sita kwenye kiti cha mapokezi. Tangu hapo niliandika kila miadi kwa namna mbili, "saa 4 asubuhi (10:00)", na nawaombeni mfanye hivyo. Kama ni mazungumzo ya simu na mtu aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, kumbukeni pia kwamba saa yao iko nyuma ya ya Dar es Salaam kwa saa moja.

Mtaniuliza kuhusu kufuatilia. Baada ya siku tatu za kazi bila jibu, piga simu moja, asubuhi, utaje tarehe ya barua na neno moja la jambo lako. Usimpigie mkurugenzi mwenyewe kwa namba uliyopewa na ndugu. Atakuambia "ongea na katibu wangu," kisha ataniuliza mimi kwa nini watu wanampigia. Utamjua katibu aliyelichukua ombi lako kwa jibu lake: akikuomba majina kamili ya watakaokuja na namba ya gari kwa ajili ya walinzi wa getini, uko karibu, akisema "tutawajulisha" bila kuuliza chochote, mpe sababu mpya au tarehe mpya, usimrudishie sentensi ileile. Na kilo mbili za kahawa iliyokaangwa mziache nyumbani. Nazijua nia zenu, lakini nilizirudisha kila mara, na kuzirudisha kulichukua muda zaidi kuliko kuwapangia miadi.

Wale wa Mbinga sikuwapatia nafasi ya kawaida. Wiki ile ya tarehe 17 ilikuwa inakaribia kufunga hesabu za robo mwaka, na mkurugenzi alikuwa amenikataza kuingiza mgeni yeyote mpya. Lakini nilipomsomea sentensi yao jioni moja, aliuliza, "Meneja ameandika kwamba hana mamlaka?" Nikamwonyesha nakala. Akasema, "Ikitokea nafasi." Tarehe 20 asubuhi mgeni wa saa 5 alipiga simu kuahirisha. Nikafungua ukurasa, nikaona maandishi ya penseli pembeni, nikapiga. Walifika baada ya dakika arobaini, mmoja akiwa bado ameshika risiti ya duka la vipuri. Waliingia na kutoka ndani ya dakika kumi na mbili, na mkurugenzi akaniita niandike barua kwenda tawini.