"Wale" Walipogeuka "Wake": Kukagua Barua Pepe Ndefu Iliyoandikwa kwa Simu

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Nitaanza na sentensi moja. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mwaka jana niliwaandikia wanachama taarifa ndefu ya kikao nikiwa ndani ya daladala. Nilikusudia kuandika: "Mwenyekiti aliwaita wadhamini wale wawili waliosaini mkopo." Kilichowafikia wanachama kilikuwa: "Mwenyekiti aliwaita wadhamini wake wawili waliosaini mkopo." Herufi moja tu. Kufika jioni watu walikuwa wanaulizana mwenyekiti amekopa lini, naye hajawahi kukopa hata shilingi. Mzee yule aliumia, nami niliumia zaidi.

Nilipochunguza nikaelewa. Kibodi yangu ilikuwa ya Kiingereza. Otokorekti, kisahihishi cha kibodi, hungoja ubonyeze nafasi au nukta, kisha hulipima neno lako kwa kamusi yake. Isipolijua, hutafuta neno inalolijua ambalo herufi zake ziko jirani na ulizobonyeza. Angalieni simu zenu: L na K zimekaa bega kwa bega. "Wale" haipo katika Kiingereza cha kawaida, "wake" ipo. Vivyo hivyo "nane" huweza kuwa "name", kwa sababu N na M ni majirani, na "hata" ikawa "hats", maana A imepakana na S.

Sasa tazameni tofauti ya makosa haya. "Siku name" msomaji ataishangaa, lakini atajua ni kosa. "Wake" hataishangaa, kwa sababu ni Kiswahili safi. Hakuna mstari mwekundu utakaoonekana chini yake, hata ukihamia kibodi ya Kiswahili. Na wewe mwandishi ndiye wa mwisho kuliona, maana jicho lako linasoma ulichokusudia. Mimi niliisoma taarifa ile mara mbili kabla ya kuituma.

Kwa hiyo mimi hukagua mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Kwanza naiacha simu inisomee. Kwenye Android kuna Select to Speak, kwenye iPhone kuna Speak Selection. Mtasema sauti ya simu ni ya Kiingereza na inakiponda Kiswahili. Ni kweli, na hapo ndipo faida ilipo! Inajikwaa kwenye kila neno letu, halafu ghafla inatamka neno moja vizuri kabisa, kama Mwingereza. Simama hapo, uangalie. Kwa njia hiyo nimewahi kuzinasa "hats" mbili katika barua moja. Angalia pia herufi kubwa katikati ya sentensi: "leo" ikiandikwa "Leo", ujue kibodi imepita hapo.

Lakini sikio halitakuonyesha ni "wake" ipi iliyokosewa, maana hata iliyo sahihi sauti hiyo huitamka Kiingereza. Hapo nanakili barua yote kwenye programu ya nyaraka yenye Find, natafuta "wake", na kwa kila moja najiuliza: wake nani? Nikimpata mwenyewe ndani ya sentensi, bado nauliza kama ndiye niliyemkusudia. Katika sentensi yangu ile mwenyewe alikuwepo, mwenyekiti, ndiyo maana kosa lilijificha vizuri hivyo. Hatua hii inachosha, lakini barua ya kurasa mbili haiwezi kuwa na "wake" nyingi kiasi cha kukushinda.

Majina ya watu na hesabu sizikagui kwa kumbukumbu. Naweka daftari la kikao pembeni na kulinganisha. Na idadi naandika kwa tarakimu na kwa neno, "siku 8 (nane)", ili kimoja kikiharibika kingine kiseme.

Kuzuia nako kunawezekana. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi. Ukiwa na iPhone, nenda Text Replacement, andika "wale" kwenye Phrase na uache Shortcut wazi. Simu italitambua neno hilo. Gboard, kibodi ya Google, ina Personal dictionary kwa kazi hiyo hiyo. Ila kumbukeni, kidole kikiteleza ukabonyeza K badala ya L, kamusi haina la kukusaidia, kwa hiyo ukaguzi unabaki palepale.

Na kama barua imekwisha kwenda? Mimi sikuituma taarifa nzima upya, kwa sababu watu wasingejua kilichobadilika. Niliandika mistari mitatu: sentensi ilivyosomeka, inavyotakiwa kusomeka, na kwamba mwenyekiti hana mkopo wowote. Kisha nikampigia simu mwenyekiti mwenyewe kabla ya kuituma mistari hiyo, nikamsomea neno kwa neno.